Kifungu cha 27 na hesabu ya theluthi mbili

Swali: Wakili, Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya kinasema sote tuko sawa mbele ya sheria. Mbona basi wanawake wanatengewa viti? Na kwa nini mabunge ya kaunti yanatimiza kanuni ya jinsia, ilhali Bunge la Taifa linashindwa?

Jibu: Ndugu, ukisoma kifungu kidogo cha (1) peke yake utauona usawa wa kimaandishi tu, yaani kanuni moja kwa kila mtu bila kujali alikoanzia. Lakini kifungu kidogo cha (6) kinaitaka Serikali ichukue hatua, zikiwemo za kisheria, kurekebisha hasara iliyoletwa na ubaguzi wa awali, na hapo ndipo usawa unapopimwa kwa hali halisi ya watu. Kwa hiyo viti hivyo si ubaguzi unaovumiliwa, bali ni sehemu ya usawa wenyewe, mradi manufaa yake yafuate uhitaji wa kweli, kama kifungu kidogo cha (7) kinavyodai.

Tofauti unayoiona inatokana na jinsi viti vinavyopatikana. Kwa kaunti, Kifungu cha 177 kinaagiza viti maalumu viongezwe baada ya uchaguzi, hadi jinsia moja isizidi theluthi mbili. Chukua kaunti ya kubuni yenye wadi 30 iliyochagua wanaume 26 na wanawake 4: tukiacha kando viti vya makundi yaliyotengwa, wataongezwa wanawake 9, bunge liwe na wajumbe 39, na wanaume 26 wawe theluthi mbili kamili.

Bunge la Taifa halina nyongeza ya namna hiyo, kwa kuwa Kifungu cha 97 kimefunga idadi: wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wa kaunti na wateule 12, jumla 349 bila Spika. Kanuni inahitaji wanawake 117. Hata wateule wote 12 wangekuwa wanawake, 58 wangebaki kutafutwa kwa kura za maeneo bunge, na hakuna sheria inayomlazimisha mpiga kura. Ndiyo maana mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, sheria yake ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Sheria haikupatikana, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, ushauri ambao haukutekelezwa.

Hata hivyo, nisingependa mfumo wa kaunti unakiliwe ulivyo. Viti vya nyongeza hugawiwa vyama kulingana na viti vilivyoshinda katika wadi, hivyo chama kilichosimamisha wanaume watupu bado hupata mgawo wake kamili wa wanawake, tena kwa orodha kilichojiandalia. Kwa maoni yangu, sheria ingevibana zaidi vyama wakati wa mchujo, kabla kura hazijapigwa.