Tarehe ya domeni ikisogea mbele, hakikisha kwanza imelipiwa

Ukikabidhiwa kazi ya kufuatilia domeni zote za kampuni, huenda utakuta skripti inayosoma tarehe ya kuisha na kutuma barua pepe zikibaki siku 30. Iache iendelee kufanya kazi, lakini usiitegemee peke yake. Ina pengo ambalo wengi hawalijui mpaka tovuti izimike, na ndilo ninalotaka ulifahamu kabla ya mengine yote.

Domeni ya .com ina tarehe mbili za kuisha. Moja inatunzwa na Verisign, mwenye rejesta kuu ya .com. Nyingine iko kwa msajili, yule mnayemlipa kila mwaka. Siku ya mwisho ikifika bila ninyi kufanya lolote, rejesta kuu huongeza mwaka mmoja yenyewe, hata kama msajili hajapokea chochote kutoka kwenu. Kuanzia hapo msajili ana hadi siku 45 za kuifuta domeni na kurudishiwa ada yake. Kwa hiyo skripti inayosoma tarehe ya rejesta kuu huona mwaka umeongezeka, inadhani mmelipa, inanyamaza. Inanyamaza wakati ambao ingepaswa kupiga kelele kuliko wakati mwingine wowote.

Tuchukue mfano. Domeni example.com inaisha tarehe 14 Machi 2025. Kadi ya benki iliyowekwa kwa msajili imekwisha muda, malipo yamekataliwa, na barua za onyo zimekwenda kwa mfanyakazi aliyeondoka. Tarehe 15 Machi unauliza rejesta kuu hivi:

```
curl -sL https://rdap.org/domain/example.com | jq '.status, .events'
```

Kwenye `events` utaona `expiration` inasema Machi 2026. Ukiishia hapo, umedanganyika. Tazama `status`: kama kuna `auto renew period`, ujue mwaka ule uliongezwa na mashine, na bado hujui kama malipo yalifika. Hali hiyo peke yake si dalili ya hatari, maana hata domeni iliyolipiwa kwa kujihuisha huionyesha kwa siku hizo 45. Inachokutaka ufanye ni kuingia kwenye akaunti ya msajili, au kumwomba mtu wa fedha risiti, uthibitishe. Kwa sababu hiyo napendelea sheria hii: onyo la kuisha lifungwe na risiti, lisifungwe na tarehe iliyosogea.

Tumia RDAP, huduma ile ile iliyoulizwa na amri ya hapo juu, badala ya kuchambua maandishi ya WHOIS, huduma ya zamani ya taarifa za domeni. Tangu Januari 2025 wasajili wa domeni za kimataifa kama .com hawalazimiki tena kutoa WHOIS, na majibu ya RDAP yana mpangilio ambao skripti inausoma bila kubahatisha. Domeni za nchi zina taratibu zake. Rejesta ya .de, kwa mfano, haitangazi tarehe ya kuisha kabisa. Kwa domeni za namna hiyo andika tarehe kutoka kwenye ankara, kwa mkono, na umtaje anayehusika.

Turudi kwenye example.com. Msajili asipolipwa, siku chache baada ya tarehe ya mwisho kwa kawaida hubadilisha seva za majina za domeni hiyo zielekee kwenye seva zake za ukurasa wa matangazo. Hapa ndipo ufuatiliaji wa tarehe na ufuatiliaji wa rekodi za DNS vinapokutana: dalili ya kwanza kuonekana nje ni badiliko la NS, rekodi zinazotaja seva za majina. Uliza seva za .com zenyewe, usiulize kompyuta iliyo karibu nawe:

```
dig +norecurse +noall +authority NS example.com @a.gtld-servers.net
```

Kwa nini zenyewe? Rekodi za NS zinazotolewa na seva za .com zina TTL, muda ambao jibu linaweza kushikwa kabla ya kuulizwa upya, ya sekunde 172800, yaani siku 2. Seva ya DNS ya ofisi yenu inaweza kuwa bado imeshika jibu la zamani, kwa hiyo ofisini tovuti inafunguka vizuri huku wateja wengine wakikuta matangazo. Utasikia malalamiko yasiyofanana: mmoja anasema barua pepe zinarudi, mwingine anasema kila kitu kiko sawa. Wote wanasema kweli. Na mkishalipa, hali hiyo hugeuka upande wa pili: rejesta inarekebishwa upesi, lakini waliokwisha kushika jibu baya wanaweza kukaa nalo hadi siku 2.

Domeni ikifutwa kabisa huingia `redemption period` ya siku 30, ambapo kuirudisha kunawezekana kwa ada kubwa zaidi, kisha `pending delete` ya siku 5. Baada ya hapo yeyote anaweza kuisajili. Ukiona mojawapo ya hali hizi mbili kwenye domeni yenu, usiandike tiketi. Piga simu.

Badiliko la NS linaweza pia kumaanisha kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yenu ya msajili. Januari 2019 serikali ya Marekani ilitoa agizo la dharura namba 19-01 kwa idara zake baada ya wavamizi kubadilisha rekodi za DNS kwa njia hiyo. Idara zilipewa siku 10 za kazi kukagua rekodi zao, kubadilisha nywila za akaunti za DNS, kuweka uthibitisho wa hatua mbili na kufuatilia kumbukumbu za umma za vyeti vya TLS. Hilo la vyeti usilipuuze. Mvamizi anaweza kubadilisha rekodi kwa muda mfupi, akapata cheti kwa jina lenu, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ukaguzi wa mara moja kwa siku hautamwona, lakini cheti kitabaki kwenye kumbukumbu zile. Mimi hukagua NS, pamoja na DS ambayo ni rekodi ya DNSSEC, kila dakika 15, na rekodi nyingine kila saa.

Ili onyo liaminike, weka rekodi zinazotakiwa kwenye faili ndani ya Git, na anayetaka kubadilisha rekodi aanze na faili hilo. Panga majibu kialfabeti kabla ya kulinganisha, kwani mpangilio wake hubadilika kila ukiuliza, na acha TTL na namba ya SOA nje ya ulinganisho. Anwani za A zinazotolewa na CDN hubadilika zenyewe. Kwa hizo linganisha CNAME tu. NS, MX na DS zikibadilika bila faili kubadilika, mtu aamshwe hata usiku.

Orodha yenyewe usiitoe kwenye akaunti moja ya msajili. Pitia ankara za idara ya fedha na kampeni za zamani za masoko, kisha angalia seva zenu za majina zina jina la domeni gani. Kama domeni 40 zinatumia ns1.example.net, basi example.net ndiyo domeni ya kulinda kuliko zote, ingawa hakuna mteja anayeifahamu. Mwaka 1999 watumiaji wa Hotmail walishindwa kuingia kwa sababu Microsoft haikuwa imelipia passport.com, domeni iliyotumika nyuma ya pazia kuthibitisha watumiaji; mtu wa nje ndiye aliyeilipia, dola 35.

Mwisho, angalia maonyo yanakwenda wapi. Anwani ya mawasiliano kwa msajili ikiwa ni barua pepe ya example.com, siku example.com inapozimika barua za msajili hazitawafikia, wala kiungo cha kubadilisha nywila. Weka anwani ya kikundi kwenye domeni nyingine, kwa msajili mwingine, na maonyo ya NS yatumwe pia kwa SMS.