Jalada la nyuma si muhtasari, jamani

Mwezi huu nimeletewa prufu tatu za majalada na vijana wanaojichapishia riwaya. Zote tatu, upande wa nyuma, zinaanza hivi: "Katika riwaya hii ya kusisimua, mwandishi anaonesha..." Nawapenda, lakini hayo ni majibu ya mtihani wa fasihi wa kidato cha sita. Mteja aliyesimama mbele ya rafu hasahihishi mtihani.

1. Usisimulie hadithi yote. Hapa nina haki ya kusema, maana kosa hili nimelilipia kwa fedha yangu.

Riwaya yangu ya kwanza ilimhusu Mwanaidi wa Kilwa Kivinje, mjane anayepokea barua yenye mwandiko wa mumewe aliyezama miaka sita nyuma. Nilichapa nakala 500. Nyuma niliandika maneno karibu 350: mume alivyozama, barua ilivyofika, kumbe hakufa bali alitorokea Mombasa akaoa, na jinsi Mwanaidi anavyomsamehe ukurasa wa mwisho. Nikamalizia na "inafundisha umuhimu wa kusamehe". Sifa zilitoka kwa mjomba wangu, nikamwandika "mhakiki".

Baada ya miezi miwili nikapita dukani kuchukua hesabu. Zilikuwa zimeuzwa nakala nne, na mbili nilizinunua mwenyewe kupitia rafiki. Mama mwenye duka akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kitabu chako wanakipenda. Wanakisoma hapahapa wamesimama, wakimaliza wanarudisha."

Sikuamini. Nikajibanza kwenye rafu ya kamusi. Akaja dada mmoja, akavutiwa na picha ya mbele, akakigeuza. Akasoma, akasikitika, hata akatikisa kichwa pale mume alipooa. Kisha akakirudisha taratibu kama mtu aliyekula akashiba. Hakukifungua kabisa.

Usiku ule nilikata kila kitu kilichotokea baada ya ukurasa wa 30, kwa sababu pale ndipo barua inapofika. Yaliyobaki yakawa hivi:

"Mwanaidi alimaliza eda, akamaliza na machozi. Ijumaa anaolewa tena. Jumatano asubuhi mvuvi anamletea bahasha iliyolowa pembeni. Mwandiko ni wa Hamisi, mumewe, ambaye Kilwa nzima ilimsomea hitima miaka sita iliyopita. Mama yake anasema ichomwe kabla bwana harusi hajasikia. Mwanaidi anaificha ndani ya kanga, na bado hajaifungua."

Hebu angalieni kilichofanyika. Kuna mtu mmoja mwenye jina, si "jamii". Kuna siku: Jumatano mpaka Ijumaa, kwa hiyo msomaji anajua hakuna muda. Kuna anayemzuia, naye ni mama mzazi, si "changamoto za maisha". Halafu nimesimama pale ambapo mkono wa msomaji unataka kufungua bahasha. Bahasha iko ndani ya kitabu. Neno "kusisimua" silioni popote. Hata neno "kusamehe" nililitoa, ingawa liliniuma, kwa kuwa ndilo nililoandikia kitabu kizima.

Nakala zilikuwa zimeshachapwa, basi tukatengeneza stika. Mimi, mke wangu na watoto tulibandika sebuleni siku mbili. Kwenye nakala 60 za mwanzo stika ikaziba hata ISBN na msimbopau, mama wa duka akazirudisha zote. Tukabandua kwa mvuke wa birika. Msicheke.

2. Maneno yasizidi 130 kwa kitabu cha A5. Ukizidisha, fundi wa jalada atapunguza herufi mpaka zisisomeke, au atazimwaga juu ya picha ya machweo.

3. Kona ya chini kulia acha nyeupe kwa msimbopau, tangu mwanzo.

4. Wasifu wako ni sentensi mbili. Kuna kijana ameorodhesha shule zote tangu chekechea, na picha ya pasipoti ya bluu. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unaomba kazi?" Akanijibu, "Kaka, watu wajue nimesoma." Nikamwambia waone kwenye sentensi ya kwanza.

5. Sifa ya mtu ambaye msomaji hamjui haiuzi. Mjomba alinuna nilipomtoa, tukapatana Idi.

6. Kabla hujaidhinisha prufu, chapa upande wa nyuma kwenye karatasi, ubandike juu ya kitabu kingine chochote, umpe mtu asiyejua hadithi. Usimwambie umeandika wewe, wala usimuulize kama ni nzuri, maana atakwambia nzuri. Mtazame mikono. Akikisifia huku anakurudishia, rudi mezani ukate. Mimi nilimpa dereva wa bodaboda aliyekuwa ananisubiri. Alisoma, akageuza, akaanza kubandua karatasi kwa kucha aone ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na kitabu cha hesabu cha darasa la tano.