Sufuria yangu ya maharage ilimuongezea kazi

Swali la wiki: "Rafiki yako amezidiwa na majukumu. Utampikia, utamfanyia shughuli za nje au utamtengenezea kilichoharibika nyumbani?"

Mimi nasema usimpikie kabisa, na nasema hivyo sababu nishaharibu. Rafiki yangu alikuwa anamuuguza mama yake aliyepata kiharusi, ana watoto wawili wadogo na kazi hajaacha, basi mimi kwa kiherehere changu nikapika maharage sufuria nzima ya kama lita 8 nikampelekea jioni ikiwa ya moto, tena nikakaa kupiga stori saa nzima na yeye anasinzia pale pale. Ikabidi atoe vitu kwenye friji ndo sufuria iingie, na mfuniko juu. Asubuhi anafunua anakuta mapovu na harufu ya kuchacha. Kumbe sufuria yenye kina vile inapoa pembeni tu, katikati inakaa vuguvugu masaa na masaa hata ndani ya friji, na bakteria ndo wanapopenda hapo. Akamwaga yote, akasugua sufuria, halafu (hii ndo iliniuma) akaanza kutafuta mtu wa kunirudishia. Kazi tatu mpya nimempa mie! Aliniambia miezi baadaye anacheka, mi sikucheka.

Kilichomsaidia ni bomba la jikoni, lilikuwa linadondosha usiku kucha. Sikumwambia "ukihitaji chochote niambie" maana mtu kachoka halafu unamwachia tena akutafutie cha kufanya. Nilimwambia Jumamosi saa nne nakuja kutengeneza bomba, chai sitaki, we lala. Nikafunga koki kuu, nikafungua bomba maji yaliyobaki yaishe, kile kimpira cha ndani kilikuwa kimelika upande mmoja, nikaenda nacho dukani nipate saizi ile ile. Lisaa limoja nimemaliza. Bahati tu, maana pale kimpira kinapokalia pangekuwa pamechimbika lingeendelea kudondosha hata na kipya.

Ila naandika hapa naona nayasingizia maharage bure, kwani bomba analila? Mara ya pili nilimpikia tena, safari hii nikagawa kwenye vikopo vifupi, chakula kina cha vidole vitatu hivi, kila kimoja mlo mmoja, na ndani ya masaa 2 tangu kutoka jikoni vyote viko kwenye friji yangu. Nikaandika tarehe juu. Vya siku tatu akaweka kwenye friji, vingine friza, vikopo akitaka atupe. Niliacha mlangoni nikamtumia meseji nimeweka, usijibu.

Kwa hiyo haya, mpikieni. Lakini ulizaneni kwanza nani anapeleka siku gani, na kama hana friza peleka cha siku hiyo tu, na sufuria ibaki kwako.