Ankara.pdf au programu?

"Nimetumiwa Ankara.pdf, alama ni ya PDF, ila safu ya Type inasema Application. Nifungue?"

Usifungue, ndugu yangu! Karibu hakika jina kamili ni `Ankara.pdf.exe`. Windows huficha kipande cha mwisho, na programu huweza kubeba alama yoyote aliyoichagua mtengenezaji. Kwenye Windows 11 fungua folda yenye faili hilo, bonyeza View, Show, kisha File name extensions, utakiona.

Kuna aliyekushauri ufute tu `.exe` ili faili liwe salama, ila amekosea kidogo: jina litabadilika, yaliyomo yatabaki yale yale. Ukitaka kuhakikisha, anzisha Notepad kwanza, kisha nenda File, Open, weka All files badala ya Text documents, na ulichague faili. Programu ya Windows huanza na herufi `MZ`, PDF kwa kawaida na `%PDF`. Aliyekutumia mpigie simu, huenda akaunti yake imeingiliwa.