Sindano ya homa ya ini B kwa anayesafishwa damu

Nasafishwa damu hapa Dodoma. Mdogo wangu alichanjwa homa ya ini B mara tatu, mimi nimepangiwa nne, tena dozi mbili kwa mpigo. Wamekosea?

Hapana. Figo zikifeli, kinga ya mwili nayo hulegea, na mikrogramu 20 anazopewa mtu mzima wa kawaida mara nyingi hazitoshi. Kwa chanjo inayotolewa kwa ratiba yako, mgonjwa wa dayalisisi hupata mikrogramu 40: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, miezi 2, kisha miezi 6. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Ichomwe begani, siyo takoni, na mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine, uachwe.

Dokta, shikamoo. Kipimo changu cha anti-HBs mwaka jana kilikuwa 85, sasa ni 6. Nimeambukizwa?

Marahaba. Kipimo hicho hupima kinga, hakipimi ugonjwa. Mpaka wa usalama ni 10, na kwenu kinga hushuka upesi, ndiyo maana hupimwa kila mwaka. Kwa kuwa uliwahi kuvuka 10, unahitaji dozi moja ya kuiamsha. Ingekuwa mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza ratiba nzima hukufikisha 10, ungerudia ratiba yote. Asiyefikisha hata baada ya kurudia huhesabiwa hana kinga, na hupimwa HBsAg, kipimo cha maambukizi, kila mwezi.

Wiki moja baada ya sindano, HBsAg yangu imesoma pozitivu. Wanataka kunihamishia mashine ya wenye homa ya ini. Nikubali?

Subiri kwanza, mama. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa HBsAg, yaani ganda la kirusi bila kirusi chenyewe, na linaweza kuonekana kwenye damu kwa takribani wiki tatu. Omba kipimo kirudiwe baada ya mwezi, pamoja na kile kinachotafuta kirusi chenyewe. Ukiwekwa kwenye mashine ile kabla ya uhakika, unaweza kuupata huko huko ugonjwa ambao hukuwa nao. Hadi majibu yatoke, waombe wakutenge peke yako.

Kumtenga mwenye ugonjwa kweli ni sahihi kabisa. Kirusi hiki huishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, hata kama doa halionekani: kwenye vitufe vya mashine, mkono wa kiti, glavu ambayo muuguzi hakubadilisha. Ukiona glavu zilezile zinatoka kwa jirani zinakuja kwako, sema bila aibu. Nyumbani, sahani na kusalimiana kwa mikono havina shida.

Nina mpira wa kusafishia damu shingoni. Naoga vipi?

Oga kuanzia kifuani kwenda chini, bandeji ibaki kavu. Ikilowa au kubanduka, nenda kitengoni siku hiyohiyo. Ukitetemeka kwa baridi ukiwa kwenye mashine, mwambie muuguzi papo hapo, damu ichukuliwe ya kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.