Kadi za marekebisho: funga mafungu kwanza, kisha changanya

Vitabu vingi vya uhasibu vimepangwa kwa namna inayomdanganya mwanafunzi. Sura ya malipo ya kabla inafuatwa na maswali ya malipo ya kabla, sura ya gharama zinazodaiwa inafuatwa na maswali yake, na mwanafunzi anayapata karibu yote kwa sababu kichwa cha sura kimeshamwambia la kufanya. Kwenye mtihani wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, hakuna kichwa cha sura. Wala mwenye gesti ya Shela anayekuletea risiti za mwaka mzima kwenye bahasha moja hakuandikii juu yake kwamba hii ni sura ya ngapi.

Natunza hesabu za gesti chache hapa Lamu, na baada ya isha namfundisha mpwa wangu anayejiandaa kwa mtihani. Tumefanya kazi sana kwenye marekebisho ya mwisho wa mwaka, maana ndiyo yanayowachanganya wengi. Nitaeleza jinsi tunavyoyafanya.

Marekebisho ya msingi ni manne, na yote yanatoka kwenye maswali mawili tu. Je, pesa zimeshapita mkononi au bado? Na je, jambo lenyewe ni gharama yetu au mapato yetu? Chukua gesti inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba. Tarehe 1 Oktoba ililipa shilingi 48,000 za bima ya miezi 12, na zote ziliandikwa kama gharama ya bima. Pesa zimeshatoka, na ni gharama. Miezi 3 tu ndiyo imetumika, yaani 12,000. Zilizobaki, 36,000, ni za mwaka ujao. Basi unadebiti bima iliyolipwa kabla 36,000, ambayo ni mali, na kukrediti gharama ya bima 36,000. Sasa geuza jibu moja tu: pesa hazijatoka bado. Fundi amekarabati paa la makuti Desemba na atalipwa Januari. Unadebiti ukarabati, unakrediti gharama zinazodaiwa, ambazo ni dhima. Upande wa mapato mambo yanakuwa kinyume: mgeni aliyelipia vyumba vya Februari mapema anakupa dhima, kwa kuwa bado anakudai huduma ya kulala, na wakala ambaye wageni wake wamelala Desemba bila kulipa anakupa mali.

Kila moja ya hayo manne linafanywa peke yake kwanza. Hapa simchanganyii kitu. Anafanya bima, kodi ya pango, leseni, zote malipo ya kabla, hadi lile jambo zima, yaani kisa, hesabu ya miezi na akaunti mbili zinazoguswa, limjie kama fungu moja. Mwanzoni kila hatua inamchukua nafasi kichwani: mali huongezeka upande gani, gharama hupungua upande gani, miezi imebaki mingapi. Nafasi hiyo ni ndogo, na mtu akishika vitu vinne vitano kwa mara moja ameshajaa. Namna yangu ya kujua fungu limeshafungika ni kumpa swali kinyumenyume. Namwonyesha ingizo lililokwisha kuandikwa, debiti bima iliyolipwa kabla, krediti gharama ya bima, naye anihadithie kilichotokea. Akianza kukariri kanuni za debiti na krediti kabla ya kujibu, bado. Akisema papo hapo, "Walilipa bima ikavuka mwaka," nahamia fungu la pili.

Manne yakishafungika, hapo ndipo natoa kadi. Ni karatasi ngumu nilizokata, kisa mbele na jibu nyuma, na zimechanganywa kama karata. Jambo ninalolisisitiza ni kwamba kadi zifanane kwa sura. Zote zina 48,000. Gesti ililipa 48,000 za bima. Mgeni alilipa 48,000 za Februari. Fundi wa makuti anadai 48,000. Wakala anadaiwa 48,000. Neno la kulipa limo kwenye kadi ya gharama na kwenye kadi ya mapato. Ukiwacha kadi moja iwe na neno ambalo zingine hazina, mwanafunzi atalishika hilo neno na kusahau kisa.

Alama zake zilishuka siku ile ile. Aliyekuwa hakosi malipo ya kabla akaona kadi ya bima katikati ya kadi za madeni, akadebiti gharama ya bima 36,000 na kukrediti dhima. Akajumlisha urari, pande mbili zikalingana, akaniuliza, "Mjomba, si imebalansi?" Imebalansi kweli, na hapo ndipo penye hatari. Urari haugundui kosa la namna hii kwa sababu debiti na krediti zote zimeingia. Lakini gharama ya bima imekuwa 84,000 badala ya 12,000, na faida imepungukiwa na 72,000, mara mbili ya rekebisho lenyewe. Tangu hapo, kabla ya kuandika lolote, lazima aseme kwa mdomo ni fungu gani.

Kule kusema kwanza kuna faida nyingine: naweza kuweka alama mbili, moja ya kutambua na moja ya kuandika. Akikosea kutambua, dawa yake ni kadi zaidi zilizochanganywa. Akitambua sawasawa lakini akaandika vibaya, kuchanganya hakutamsaidia. Anarudi kwenye lile fungu peke yake jioni hiyo, kisha kadi zinaendelea. Walimu wengi huweka alama moja tu, na kosa la aina ya pili wanalitibu kwa dawa ya aina ya kwanza.

Kushuka kwa alama kusikutishe. Mwaka 2007 Rohrer na Taylor, watafiti wa Marekani, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya umbo moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa asilimia 60. Wiki moja baadaye walipopimwa, wa kwanza walipata asilimia 20, wa pili asilimia 63. Mimi sichukui tarakimu hizo kama ahadi kwa uhasibu, lakini mwelekeo wake ndio ninaouona mezani.

Kuna kuchanganya kusikokuwa na maana. Kufanya marekebisho nusu saa kisha sheria ya biashara nusu saa hakumfundishi mtu kutofautisha, kwa sababu hakuna atakayechukua swali la mkataba akalidhani ni bima. Changanya vinavyofanana. Na jibu liangaliwe kadi kwa kadi. Ukingoja mpaka mwisho wa rundo, mwanafunzi hakumbuki tena kwa nini alichagua alivyochagua.

Makosa ya kutambua yakishakuwa nadra, ongeza kadi ya tano: injini ya boti iliyonunuliwa 240,000, itatumika miaka 5, thamani ya mwisho sifuri, uchakavu sawa kila mwaka. Ni 48,000 tena. Inafanana sana na malipo ya kabla, kwani pesa zimetangulia na matumizi yanafuata, na mpwa wangu aliishughulikia hivyo hivyo, akakrediti gharama. Lakini injini haikuwahi kuandikwa kama gharama. Iliandikwa kama mali tangu siku ya kununuliwa. Kwa hiyo ni debiti gharama ya uchakavu 48,000, krediti uchakavu limbikizi 48,000. Hiyo kadi inamlazimisha aongeze swali la tatu kabla ya kushika kalamu: pesa zilipotoka, ziliandikwa wapi?