Swali la Maji Maji: neno moja likibadilika, jibu lote linabadilika

*"Wakuu, binti yangu yuko sekondari. Kaandika kurasa tatu kuhusu Vita vya Maji Maji, tarehe na majina yote sahihi, kapewa 6 kati ya 20 na maneno 'hujajibu swali'. Swali lilisema: Tathmini mchango wa imani ya maji katika Vita vya Maji Maji. Kakosea wapi?"*

Dada, nimesahihisha insha za Historia miaka mingi, na hizo kurasa tatu naziona hata kabla hujazituma. Zinaanza na Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe, zinakuja kwenye pamba iliyong'olewa Umatumbi Julai 1905, zinamalizikia kwenye njaa. Masimulizi yake ni mazuri, lakini aliombwa hukumu.

Chukua maarifa hayohayo, ubadilishe kitenzi cha swali.

Likiwa "Elezea imani ya maji", anachotakiwa ni kutuonyesha kitu chenyewe. Kinjikitile aliwapa watu maji ya dawa, akawaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Dawa ilichukuliwa na wajumbe kutoka kijiji hadi kijiji, watu wakainywa au wakanyunyiziwa. Hapo hadaiwi sababu wala maoni. Akianza kubishana kama imani ilikuwa na maana au la, anapoteza muda wa mtihani.

Likiwa "Eleza kwa nini watu wa kusini walipigana", kila jambo lazima lifungwe kwenye tokeo lake. Wengi huandika "sababu ya kwanza ni kilimo cha pamba, ya pili ni kodi" wakaishia hapo. Hiyo ni orodha. Pamba ilisababishaje vita? Watu walilazimishwa kufanya kazi kwenye shamba la pamoja chini ya akida au jumbe, siku zilezile ambazo mashamba yao ya chakula yalihitaji mikono. Malipo yakawa madogo kiasi kwamba hayakuweza kufidia chakula kilichopotea. Ndiyo maana kitendo cha kwanza cha uasi kikawa kung'oa pamba yenyewe. Mimi hupima hivi: mwisho wa kila aya najiuliza "ikawaje hadi mtu akachukua silaha?" Aya isipojibu, maelezo hayajakamilika.

Kiswahili chetu hapa kina mtego, maana "eleza" tunalitumia kote kuwili. Mwanafunzi atazame neno linalofuata. "Eleza jinsi" mara nyingi inataka picha au hatua za jambo. "Eleza kwa nini" au "eleza sababu" inataka mnyororo wa chanzo na tokeo.

Sasa swali la binti yako. Tathmini inahitaji kipimo, na kipimo hicho mwanafunzi anakitaja mwenyewe. Mchango katika lipi? Kuanzisha vita, kuvieneza, au kuviendeleza? Akishagawa hivyo, hoja zinaanza kupingana, na hapo ndipo alama zilipo.

Katika kueneza, maji yana uzito mkubwa. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaita vitani, na dawa ile iliwapa kiapo kimoja. Katika kuanzisha, uzito unapungua, kwa sababu chuki ya pamba na kodi ilikuwepo kabla ya maji. Katika kuendeleza, ushahidi unageuka kabisa. Kinjikitile alinyongwa Agosti 4, 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Tarehe 30 mwezi huohuo wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, bunduki za rashasha zikawaua wengi. Yeyote aliyekuwa pale aliona risasi hazikugeuka maji. Hata hivyo mapigano yaliendelea hadi 1907, na Wangoni walipokwisha kushindwa uwanjani wakageukia vita vya msituni. Kama imani ndiyo iliyobeba kila kitu, ni nini kiliwashikilia watu miezi yote ile?

Kutokana na hapo hukumu inajitokeza: maji yaliunganisha watu na kuvipeleka vita mbali, lakini manung'uniko dhidi ya utawala ndiyo yaliyoviwasha na kuvidumisha. Mwingine anaweza kuhukumu kinyume, akasema bila maji yangebaki maasi madogo ya Umatumbi, na akapata alama zilezile akitetea kwa ushahidi. Asichoweza ni kuandika "maji yalikuwa na faida na hasara" akaweka kalamu chini. Kutaja pande mbili bila kusema ipi inazidi, na kwa nini, hakujafika kwenye tathmini. Nimeona pia wanaobandika hukumu mstari wa mwisho baada ya kurasa za simulizi. Haisaidii sana, kwa kuwa hakuna aya iliyoijengea njia.

Asiandike upya kurasa zote tatu. Aandike sentensi ya kwanza tu, yenye msimamo ambao mwenzake darasani anaweza kuubishia, halafu apitie aya zake za zamani na kufuta kila iliyopo kwa ajili ya kusimulia tu. Zitakazobaki, ziweke hapa tuzitazame.